Pendekezo: picha za kampeni ya Ramadhani, pilau masala

Dada habari, kama tulivyoongea pale dukani nakutumia mpango wangu, ukiona kitu hakijakaa sawa niambie tu.

Nitakutengenezea picha 8 kwa akili mnemba. 5 za posti ya Instagram saizi 1080 kwa 1350, na 3 ndefu za stori na status ya WhatsApp, 1080 kwa 1920. Pakiti yenyewe lakini haitengenezwi na mashine, naipiga picha halisi halafu naipachika, maana mashine ukiiambia ichore pakiti inakuletea herufi za ajabu na logo isiyo yako, na mteja akija dukani akakuta kitu tofauti atasema umemdanganya. Maandishi na bei pia naweka mwenyewe mwishoni kwenye Canva.

Prompti moja, yaani maelezo ninayoiandikia mashine ichore, nimeshaanza kuichezea, iko hivi: "sinia la pilau ya nyama, wali wa kahawia iliyokolea kwa vitunguu vilivyokaangwa, viazi, mvuke, kachumbari pembeni, mkeka wa ukili, mwanga wa jioni kutoka kushoto, hakuna mtu, hakuna maandishi". Hiyo kahawia lazima niitaje, nisipoitaja inaleta wali wa njano kama biriani, na mteja wako wa Kariakoo hiyo hakubali hata kidogo. Ukisema futari tu nayo inakimbilia mahema na ngamia, so natamka kitu kimoja kimoja: mihogo ya nazi, tambi, kaimati, chupa ya chai. Prompti zote 8 nitakupa kwenye faili, ni zako, mwakani mtu mwingine anaweza akaendelea nazo.

Marekebisho ni raundi 2 kwa kila picha. Rekebisho ni kama kubadili mwanga, kuondoa kijiko, kusogeza pakiti au kufuta kidole cha sita. Ukibadili wazo lenyewe, mfano tulikubaliana sinia sasa unataka mama jikoni, hiyo ni picha mpya, sh 30,000. Maoni naomba yaje kwa pamoja kwenye meseji moja, sio leo wewe kesho shemeji keshokutwa dogo wa kaunta, hapo ndo kazi huwa haziishi.

Kitu kimoja sitafanya, sura ya mteja wa kutengeneza anayesifia masala. Kama kuna mteja wa kweli yuko tayari tumpige picha, hiyo bure.

Bei yote sh 320,000, nusu tunaanza nayo nusu ukipokea faili. Rasimu 3 za kwanza unapata siku 4 baada ya advansi, zilizobaki wiki inayofuata, ili zikibaki wiki 2 kabla ya Ramadhani uwe umeshaanza kuposti.

Ukikubali niwekee pakiti 2 mpya zisizokunjika, kubwa na ndogo, nitapita Alhamisi asubuhi kuzichukua.