Apu ya mwani, Julai hadi Disemba: tulichoahidi na tunachokitamani

Asalaam aleikum nyote. Mabibi wa Paje na Jambiani karibuni, wenzetu mlovuka bahari kutoka Micheweni poleni na safari, wanunuzi, na mfadhili wetu alokaa pale nyuma karibu na feni. Ntakuwa na slaidi nne tu.

SLAIDI YA 1: Kosa letu la Januari

Mnaikumbuka ile slaidi yenye vitu 14, tukasema inshallah vyote mwaka huu? Vimetoka vitatu. Na ubaya wake si hesabu, ubaya ni kwamba viongozi wa Micheweni walirudi kwao wakawaambia wanachama malipo yanakuja kwa simu, watu wakenda kununua laini mpya, mpaka leo laini ziko kabatini. Hilo ni letu sisi timu, si lao. Inshallah ipo kwenye kila kitu, mja hapangi peke yake, lakini sisi tuliitumia kuficha kuwa hatujapiga hesabu.

SLAIDI YA 2 (kijani): Ahadi

Kitu kinaingia hapa kama kina mtu wa kukifanya, pesa yake iko mkononi, na hakuna mtu wa nje tunomsubiri atie saini. Kikikosa kimoja, hakiingii. Vimebaki vitatu.

Cha kwanza, mizani bila mtandao, mwisho wa Agosti. Mnajua hali ilivyo, mwani unapimwa pwani, mtandao unakuja na kuondoka, karani anaandika kwenye karatasi halafu jioni anaingiza kwa kukisia. Na kuna jambo tumeliona Paje kwa macho yetu: mkono umerowa maji ya chumvi, simu iko ndani ya mfuko wa nailoni, karani anabonyeza 47 inaingia 4, na bibi kesharudi kwake na kapu tupu. Kwa hiyo vitufe vinakuwa vikubwa na apu inauliza "kilo 47, ndio?" kabla ya kuhifadhi. Tunajaribu Paje bamvua moja, Micheweni bamvua linofata. Tumepanga kwa bamvua kwa sababu maji mafu hakuna mtu shambani, tutamjaribu nani?

Cha pili, risiti ya meseji, Septemba. Inafika hata kwenye kiswaswadu. Yule aloomba tuweke vialama vya moyo na tabasamu, samahani, meseji moja ni herufi 160 na ukiweka hivyo inashuka hadi 70, tutalipia mbili badala ya moja.

Cha tatu, kilo zikishaandikwa hazibadilishwi mpaka mnunuzi na kiongozi wa kikundi wote wawili waingize namba zao za siri. Novemba. Hiki wanunuzi hamkukipenda, najua, ila nyinyi wenyewe ndo mnolalamika kuwa unyevu unakatwa mara mbili na hajulikani alokata.

SLAIDI YA 3: Kwa nini mpango huu

Kila mtu ananiuliza malipo ya simu mbona hayako mbele. Malipo yanasimama juu ya kilo. Tukianza kulipa huku kilo zinabishaniwa tutakuwa tunalipa makosa kwa haraka, na pesa ikishaingia kwenye simu ya mtu kuirudisha ni ugomvi wa mtaa mzima. Basi kilo kwanza, halafu ushahidi mkononi mwa bibi, halafu kufuli, ndo tuzungumze pesa. Ukikitoa cha kwanza hivyo vengine havina pa kukaa.

SLAIDI YA 4 (njano): Matamanio

Hapa hakuna tarehe na msiniombe tarehe. Malipo ya simu yanaongoza, lakini mkataba na kampuni ya simu haujasainiwa. Siku ukisainiwa nahesabu wiki nane za majaribio, na kabla ya siku hiyo msimwambie mtu yoyote kijijini, tafadhali sana. Halafu bei tofauti ya kotonii na spinosamu kwa daraja. Halafu vipima joto vya maji, maana kotonii inakufa maji yakipata moto, hili mimi mwenyewe nalitamani kuliko yote na ndo maana sijiamini kuliweka kijani. Kufatilia gari mpaka bandarini, labda. Apu ya aifoni hapana, sijaona karani hata mmoja mwenye aifoni pwani.

Kitu cha njano kikigeuka kijani ntawaandikia kwenye grupu siku hiyo hiyo, na cha kijani kikichelewa pia, nikitaja nani kakwama na wapi.

Kabla ya chai nna maamuzi mawili nayataka kwenu. Micheweni mnitajie makarani wawili wa majaribio. Na wanunuzi mniambie leo, si kesho kwa simu, kama ile kufuli ya namba mbili mnaikubali, kwa sababu mkikataa Novemba inahamia njano na ntaihamisha hapa hapa mbele yenu.