Pikipiki ya umeme au ya mafuta? Maswali ya dereva wa Mbagala na majibu ya fundi

*Anayeuliza anaendesha Boxer ya bosi, kijiwe chake kipo Mbagala Rangi Tatu, Dar es Salaam. Anayejibu ni fundi wa pikipiki na mifumo ya umeme.*

Fundi, shikamoo. Nimeonyeshwa pikipiki ya umeme ya milioni 4.3 na betri moja. Muuzaji anasema nikichaji mara moja natembea kilomita 120. Ni kweli?

Marahaba. Hiyo 120 inapatikana, ila wewe hutaipata. Inapimwa na mtu mmoja mwepesi, barabara tambarare, mwendo wa polepole, bila kusimama. Wewe una abiria nyuma, mara mzigo wa gunia, foleni ya Mtoni, halafu Kilwa Road ikifunguka unavuta mpaka 60. Mwendo ndio unaokula betri kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu upepo unakusukuma nyuma.

Usimuulize kilomita. Muulize betri imeandikwa nini.

Imeandikwa 72V 40Ah.

Zidisha: 72 × 40 = 2,880. Hizo ni wati-saa, yaani uniti 2.88 za Luku zikiwa zimejaa ndani ya betri. Usipange kuzimaliza zote. Kuisha kabisa kunaichosha betri, na pikipiki yenyewe huanza kulegea kabla haijafika sifuri. Tuseme utatumia asilimia 85, karibu 2,450.

Pikipiki ya kazi yako, yenye abiria, naipigia wati-saa 40 kwa kilomita moja. Ukiwa peke yako inaweza kushuka mpaka 30, ukibeba mishikaki inapanda. Gawanya 2,450 kwa 40: kilomita 60 na kidogo. Betri hiyo ni ya kilomita 60 kwako, si 120. Na ikizeeka hesabu 50.

Sasa mimi natembea kilomita ngapi kwa siku? Kilometa yangu ilishakufa zamani.

Za madereva wengi zimekufa. Lakini mafuta unajua. Unatia ya shilingi ngapi?

Elfu tisa. Siku nzuri zaidi, elfu kumi.

Basi tumepata. Bei ya lita EWURA huitangaza upya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo nachukua elfu tatu ili hesabu iende. Ikibadilika utabadilisha mwenyewe. Elfu tisa ni lita tatu. Boxer yenye abiria kwenye foleni inatoa kama kilomita 40 kwa lita. Kwa hiyo ni kilomita 120 kwa siku, sawasawa na ahadi ya muuzaji, na mara mbili ya uwezo wa betri yake.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Wananunua, wiki ya kwanza wanasifia, wiki ya pili wanaonekana saa nane mchana wameegesha kwenye kibanda cha mtu wanaomba soketi.

Kwa hiyo ninunue betri kubwa zaidi?

Una njia tatu. Betri ya pili, uchaji mchana, au betri za kubadilisha kituoni.

Betri ya pili ulitajiwa bei gani?

Milioni 1.6.

Pikipiki inakuwa milioni 5.9. Ni pesa, lakini sikiliza jambo moja: betri mbili hazichakai haraka mara mbili. Zinagawana kazi. Gharama ya uchakavu kwa kilomita inabaki ileile, tofauti ni kwamba pesa umeitoa yote mwanzoni.

Kuchaji mchana, chaja ya ampea 10 inajaza ampea-saa 40 kwa saa nne na ushee. Kama kijiwe chenu kinapoa kuanzia saa tano mpaka saa tisa, na una mahali pa kuchomeka, betri moja inakutosha. Ila siku abiria wakiwa wengi mchana utawaangalia wakipanda pikipiki za wenzako.

Kuhusu kituo tutafika.

Umeme utanigharimu kiasi gani kwa siku?

Kilomita 120 mara 40 ni uniti 4.8 zinazotoka kwenye betri. Chaja inapoteza kidogo kwa joto, ishike tu uone inavyounguza mkono, hivyo mita itasoma kama uniti 5.5. Kwa Luku ya kawaida, kundi la T1, uniti pamoja na kodi ni kama shilingi 356. Inakuja 1,958. Sema elfu mbili.

Elfu mbili badala ya elfu tisa! Mbona hilo halina mjadala?

Lina mjadala. Unachaji wapi?

Nyumbani. Nimepanga, tupo wapangaji watatu, Luku moja.

Mnanunua Luku ya kiasi gani kwa mwezi?

Hatuzidi elfu saba na mia tatu. Tuna taa, tivi na feni tu.

Basi mko kundi la D1, wale wa matumizi madogo, uniti 122 pamoja na kodi. Mnatumia uniti 60. Kundi hilo lina mpaka: uniti 75 kwa mwezi. Zikizidi, zile za juu zinatozwa kama 427 kila moja. Sasa pikipiki yako, siku 26 za kazi, inaongeza uniti 143. Jumla 203. Za kwanza 75 ni kama 9,150, zilizobaki 128 ni karibu 54,700. Luku ya elfu saba imekuwa elfu sitini na nne, na wenzako hawajaongeza hata balbu.

Mkiendelea kupita mpaka kila mwezi, mtahamishiwa T1, na hapo zile uniti 60 za wapangaji peke yake zitakuwa zaidi ya elfu ishirini na moja. Nimeona nyumba ambayo ugomvi ulianza na pasi ya nywele tu. Kabla hujanunua pikipiki kaa na mwenye nyumba na wapangaji, funga mita ndogo kwenye soketi yako, na ujitolee kuwafidia hiyo elfu kumi na nne ya tofauti. Hata ukiilipa peke yako, umeme wako kwa siku hautapita sana 2,500. Bado uko chini ya mafuta.

Na nyaya za chumba zikaguliwe. Chaja hiyo inavuta karibu kilowati moja kwa saa nne mfululizo. Soketi iliyolegea itayeyuka.

Hapo mbona betri yenyewe hujaihesabu?

Hicho ndicho wauzaji wanaruka. Kama ni lithiamu ya chuma, imeandikwa LFP au LiFePO4, utaambiwa inachaji mara 2,000. Mimi napigia 1,000, kwa sababu ya joto letu na chaja za kubahatisha. Mara 1,000 kwa kilomita 55 za wastani ni kilomita 55,000. Milioni 1.6 gawanya kwa hizo: shilingi 29. Weka 30 kwa kilomita. Kwa siku ni 3,600, na hiyo uiweke pembeni kila jioni, si kwenye simu hiyohiyo unayobetia.

Upande wa mafuta, ongeza oili. Unabadilisha mara mbili kwa mwezi, kama elfu kumi na mbili kila mara, ni shilingi 900 kwa siku. Plagi, kichujio na sahani za klachi nimekusamehe. Matairi na breki ziko pande zote.

Kwa hiyo: mafuta 9,900. Umeme 2,000 na betri 3,600, jumla 5,600. Faida halisi ni 4,300 kwa siku, kama 112,000 kwa mwezi. Si ile elfu saba uliyoirukia, lakini ni kodi ya chumba.

Kuna ya bei rahisi, milioni 2.8, 72V 32Ah, wanasema betri zake sita.

Sita za volti 12, hizo ni za asidi. Nzito, karibu kilo 60 zote, uwezo wa kuaminika ni nusu tu ya ulioandikwa, na zikichajiwa mara 300 au 400 zimekwisha. Kwa kilomita 120 kwa siku hata mwaka hazimalizi. Hiyo mwachie mama wa kwenda sokoni na kurudi.

Na kituo cha kubadilisha betri? Kuna kimoja Temeke, 3,500 kila ukibadilisha.

Gawanya bei kwa kilomita unazopata, usigawanye kwa kitu kingine. 3,500 kwa 60 ni shilingi 58 kwa kilomita. Mafuta na oili ni kama 82. Betri yako mwenyewe na Luku ni 47. Kwa siku ni elfu saba, ghali kuliko kuchaji nyumbani, ila hununui betri, haizeeki mikononi mwako, na mwenye nyumba halali na wasiwasi. Kwa mtu aliyepanga kama wewe, ningeanzia hapo.

Lakini nenda kasimame pale saa kumi na mbili jioni uone foleni. Na uliza kama kuna kingine upande wa Kongowe, maana abiria wa Kigamboni akikupeleka huko na betri imebaki asilimia 15, hakuna wa kukuuzia lita kwenye chupa.

Bosi wangu anasema atanunua yeye, hesabu ipande kutoka elfu kumi mpaka kumi na tano.

Chaji nani analipa?

Mimi.

Unaokoa 7,900 ya mafuta na oili ukitoa umeme, unampa elfu tano, unabaki na 2,900. Si mbaya, mradi betri ni ya kwake. Iandikwe: betri ikishuka chini ya asilimia 70 ya uwezo, nani ananunua nyingine. Kama ni wewe, kwa shilingi 3,600 kwa siku, unaingia hasara huku ukidhani unapata.

Mvua je? Jangwani ikijaa?

Mvua ya kawaida haina neno. Maji yakipita katikati ya gurudumu la nyuma, shuka, geuza. Mota iko mle ndani.

Siku ya kwenda kuijaribu niangalie nini?

Nenda na abiria, mtu mzima mwenye kilo zake. Betri ijae kabisa, simu ipime kilomita, uendeshe kama uko kazini mpaka ibaki asilimia 20. Halafu simama, zima, chomoa plagi kubwa ya betri, shika ganda lake la plastiki na utazame pini bila kuzigusa, maana zina umeme wa kukudhuru. Ganda likiwa la moto au pini zimeanza kuwa za kahawia, iache pikipiki hapohapo, hata wakikupunguzia laki tatu.