Mgao, ahadi na matumizi: maneno ya bajeti kwa wajumbe wapya wa bodi ya shule

Ndugu wajumbe,

Karibuni kwenye bodi. Mmeshapewa makabrasha ya kikao cha robo ya pili, na najua kurasa za mwisho, zile za mapato na matumizi, ndizo wengi huzifunika haraka. Nimekaa kamati ya fedha na mipango ya bodi hii kwa miaka mitano, na kabla ya hapo nilikuwa mhasibu. Nimeandika maelezo haya ili Jumamosi asiwepo mjumbe wa kunyanyua mkono kuidhinisha jambo ambalo hakulielewa.

Nitafuata safari ya kitu kimoja tu tangu mwanzo hadi mwisho: viti na meza za wanafunzi wa kidato cha kwanza. Ukiielewa safari hiyo, taarifa nzima umeielewa.

Makisio. Hii ni hesabu ya kutazamia. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni, kwa hiyo unakatiza katikati ya mwaka wetu wa masomo. Msishangae kuona bajeti moja imebeba wanafunzi wa miaka miwili. Sisi tuna wanafunzi 480. Ruzuku ya uendeshaji kwa sekondari, tangu utaratibu wa elimu bila ada ulipoanza 2016, ni shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, lakini sehemu yake hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Mwaka huu tulikadiria kwamba 12,500 kwa kila mwanafunzi itafika kwenye akaunti ya shule. Zidisha, unapata 6,000,000. Hizo milioni sita hazijawahi kuonekana zote kwa pamoja benki, wala hazitaonekana. Ni makisio.

Ukomo wa bajeti. Kiwango cha juu tunachoambiwa na halmashauri tusikivuke tunapopanga. Mahitaji yetu siku zote ni makubwa kuliko ukomo, na ndiyo sababu ya kuwa na vipaumbele.

Kasma. Hiki ni kijisanduku kimoja ndani ya bajeti, chenye namba yake na kazi yake. Mitihani ina kasma yake, umeme na maji vina kasma yake, ukarabati na samani vina kasma yake. Fedha ya kasma moja haitumiki kwa kazi ya kasma nyingine kwa sababu tu mkuu wa shule amebanwa, hata kama jambo lenyewe ni jema.

Mgao. Ni kiasi kilichotengwa kwa kasma fulani baada ya bajeti kupitishwa. Kasma ya ukarabati na samani mwaka huu imepewa mgao wa 1,800,000. Naomba tuelewane vizuri hapa, maana nusu ya mabishano ya vikao vyetu yanatokana na neno hili. Mgao ni ruhusa ya kutumia hadi kiwango hicho, fedha yenyewe itakapokuja, kwa kazi hiyo. Haumaanishi kwamba fedha ipo. Mzazi akisikia kwenye mkutano kwamba "samani zimetengewa milioni moja na laki nane", atauliza kesho yake mbona mwanawe bado anakalia tofali. Ana haki ya kuuliza, na ninyi mnapaswa kuwa na jibu sahihi.

Fedha iliyopokelewa. Kiasi kilichoingia kweli kwenye akaunti. Ruzuku huja kwa mafungu, haiji kwa mkupuo. Hadi tarehe 31 Desemba, sehemu ya kasma ya samani iliyokwisha kuingia ni 900,000, nusu ya mgao. Robo ambayo fedha imechelewa, taarifa itaonyesha mgao mkubwa na mapokezi madogo. Hilo si kosa la mtu yeyote hapa shuleni, ila ni lazima lisemwe wazi kwenye muhtasari.

Ahadi ya malipo. Wahasibu wengine husema "fedha iliyofungwa", nami napenda zaidi msemo huo kwa sababu unaonyesha kinachotokea. Mwezi Oktoba tuliagiza kwa fundi seti 20 za kiti na meza, kila seti 40,000. Jumla 800,000. Siku hati ya kuagiza ilipotiwa saini, hakuna hata shilingi moja iliyotoka benki. Ukichungulia taarifa ya benki siku ile, fedha zote zilikuwepo. Lakini 800,000 hazikuwa zetu tena. Zilikuwa zimefungwa kwa jina la fundi, zikisubiri alete kazi.

Nitawasimulia kisa. Bodi ya kwanza niliyowahi kukaa, mbali na hapa, tulipewa taarifa ya benki yenye salio nono, na mjumbe mmoja akapendekeza tukarabati paa la maabara. Tulikubali kwa kauli moja. Mimi mwenyewe, na uhasibu wangu, nilinyanyua mkono. Ndani ya salio lile kulikuwa na fedha ya mzabuni wa vyakula aliyekwisha kuleta maharage ya miezi miwili. Paa likaezekwa, mzabuni akakosa malipo, akaacha kuleta, na wanafunzi wa hosteli wakala ugali na chumvi kwa siku kadhaa. Hakuna aliyeiba. Hakukuwa na safu ya ahadi kwenye taarifa, na hakuna aliyeuliza. Tangu siku hiyo sijaidhinisha taarifa isiyo na safu hiyo, na nawaomba nanyi msiidhinishe.

Matumizi. Kazi imeletwa, imekaguliwa, imepokelewa stoo, na fundi amelipwa kwa hati ya malipo yenye viambatisho vyake. Hapo ndipo ahadi inapogeuka kuwa matumizi. Hadi Desemba fundi alikuwa ameleta seti 12, na amelipwa 480,000. Seti 8 bado, kwa hiyo ahadi iliyobaki ni 320,000. Angalieni: shilingi ileile haihesabiwi mara mbili. Ikiingia kwenye matumizi, inatoka kwenye ahadi. Mkiona taarifa ambayo fundi yuko sehemu zote mbili kwa kiasi kamili, kuna mtu amesahau kufuta.

Bakaa. Neno hili ndilo lenye mtego, kwa sababu lina majibu zaidi ya moja. Mjumbe akiuliza "kasma ya samani imebakiwa na kiasi gani?", anaweza kujibiwa hivi, na kila jibu likawa kweli:

Bakaa ya mgao kabla ya kuondoa ahadi: 1,800,000 − 480,000 = 1,320,000
Bakaa ya mgao baada ya kuondoa ahadi: 1,320,000 − 320,000 = 1,000,000
Fedha iliyopo benki kwa kasma hii: 900,000 − 480,000 = 420,000
Fedha iliyo huru kabisa: 420,000 − 320,000 = 100,000

Milioni moja na laki tatu kwa jibu la kwanza, laki moja kwa jibu la mwisho. Kasma ni ileile, siku ni ileile. Kwa hiyo msiulize tu "imebaki ngapi". Ulizeni: tukiagiza kitu leo, tunaweza kukilipia kwa kiasi gani bila kugusa fedha ya mtu mwingine? Jibu ni laki moja. Milioni moja ni ruhusa tuliyonayo hadi Juni, kama ruzuku itaendelea kuja.

Deni. Fundi akishaleta na stoo ikapokea, lakini hajalipwa, hiyo si ahadi ya kawaida tena. Ni deni. Tofauti ni kwamba ahadi inaweza kusitishwa fundi akishindwa kuleta, ila deni halisitishwi. Tarehe 30 Juni ikifika, madeni hayafi na mwaka. Yanahamia mwaka unaofuata na kula mgao mpya kabla hatujaanza kuutumia. Shule iliyolimbikiza madeni huanza Julai ikiwa imeshatumia fedha yake.

Masurufu. Fedha anayopewa mtumishi mkononi kwa kazi maalumu, mathalani mwalimu anayepeleka wanafunzi kwenye michezo. Anatakiwa kurejesha kwa risiti na kile kilichobaki. Kabla hajarejesha, fedha imetoka benki lakini matumizi hayajathibitishwa. Orodha ya masurufu ambayo hayajarejeshwa iwepo kwenye taarifa, pamoja na tarehe yalipotolewa. Masurufu ya mwezi mmoja ni jambo la kawaida. Ya miezi sita yanahitaji maelezo ya maandishi.

Uhamisho kati ya kasma. Inawezekana kuhamisha mgao kutoka kasma moja kwenda nyingine, kwa sababu maalumu na kwa kibali. Bodi inajadili, muhtasari unaandikwa, maombi yanakwenda halmashauri, ambako mkurugenzi ndiye afisa masuuli, yaani mwenye dhamana ya fedha mbele ya Serikali. Jambo moja tu la kushika: kibali kinakuja kwanza, matumizi yanafuata. Kuletewa uhamisho "kwa ajili ya kubariki" wakati fedha imekwisha kutumika ni kuletewa hoja ya ukaguzi, na majina yatakayosomwa kwenye muhtasari ni yetu.

Hoja ya ukaguzi. Swali la mkaguzi, wa ndani au wa ofisi ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kupata hoja si kushtakiwa. Hujibiwa kwa nyaraka, na nyaraka zikiwepo hufungwa.

Michango ya chakula. Nimeiweka peke yake kwa makusudi. Fedha ya wazazi kwa chakula cha mchana haichanganywi na ruzuku, ina rejesta yake na inasomwa kivyake. Mzazi aliyetoa gunia la mahindi badala ya fedha naye aonekane, kwa kilo na kwa thamani.

Ulinganisho wa benki. Kila mwezi mhasibu analinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, na kueleza kila tofauti. Ni karatasi moja. Kama haimo kwenye kabrasha, iombeni.

Mtasikia pia majina ya mifumo: FFARS, ambako hesabu za shule huingizwa, na NeST, ambamo manunuzi ya umma yanapitia tangu 2023. Mfumo hautoi uamuzi. Unaandika kile watu walichoamua, na taarifa yake inachapishwa. Mna haki ya kuiona ile iliyochapishwa kutoka kwenye mfumo, si ile iliyonakiliwa upya tu kwa ajili ya kikao.

Kabla ya Jumamosi, fungueni ukurasa wa 7 wa kabrasha. Safu zinakwenda hivi kutoka kushoto: kasma, mgao, iliyopokelewa, ahadi, matumizi, bakaa. Tafuteni mstari wa samani mhakiki hesabu niliyoifanya hapa. Kisha fanyeni hivyohivyo kwa mstari wa mitihani, ambao mimi umenitatiza: matumizi ni makubwa kuliko fedha iliyopokelewa, na safu ya ahadi haina kitu. Inawezekana kasma nyingine imeazimwa, au kuna mapokezi hayajaandikwa. Nimeshamwandikia mkuu wa shule, ambaye ndiye katibu wetu, aje na maelezo. Atakayegundua jambo kabla yangu aje nalo kikaoni, hata kama hana uhakika. Mwalimu wa taaluma na mhasibu watakuwepo kuanzia saa 3 asubuhi, saa moja kabla ya kikao, kwa yeyote anayetaka kupitishwa kwenye vitabu ukurasa kwa ukurasa.

Wenu katika kazi,
Mjumbe, kamati ya fedha na mipango