Gome la Mkoko, Majani ya Mwembe

Vipande viwili vya marikani vya kutiwa rangi, robo kilo kila kimoja, vilishachemshwa kwa sabuni ya mche mpaka wanga wa dukani ukatoka. Kimoja kililala usiku kucha ndani ya maji yenye vijiko vitatu vya shabu.

"Bibi, hiki kingine mbona hukukitia shabu?" Zuwena aliuliza.

"Hicho cha mkoko. Gome kali, linashika lenyewe. Mwembe ndio unaotaka kushikizwa."

Gome, nusu kilo, waliliokota kwa jirani pale Tumbe aliyekuwa akimenya boriti zake. Bibi hakubali kubandua mkoko uliosimama: ukibandua gome kuzunguka shina lote, mti unakufa. Walilitwanga, wakaliroweka siku moja, wakalichemsha saa nzima kwa moto mdogo, kisha wakachuja. Maji yakawa mekundu yaliyoiva, na Zuwena akaingiza kitambaa akitarajia nyekundu hiyohiyo. Baada ya saa moja kikatoka hudhurungi, imepauka.

"Imekataa, bibi."

"Haijakataa. Lete chokaa."

Kijiko kimoja cha chai katika ndoo, kikakorogwa, kikaachwa kitulie. Bibi alimimina yale maji maangavu ya juu kwenye beseni, akazamisha kitambaa. Rangi ikapanda hapohapo, kutoka hudhurungi hadi wekundu wa tofali. Akahesabu dakika mbili, akakitoa na kukisuuza mara tatu, kwani chokaa ikikaa hukausha uzi.

Majani ya mwembe hayakuwa na kazi kubwa. Kilo moja mabichi, yaliyokomaa, yalikatwakatwa na kuchemshwa saa moja kwenye sufuria. Kitambaa cha shabu kikatoka manjano safi. Zuwena akakimbilia kukisuuza, akachukua karai la karibu, la chuma, kutu imejaa chini.

"Bibi! Kimeingia madoa!"

Bibi aliinua pindo na kulisogeza juani. Kila lilipogusa kutu palikuwa na doa. Yeye alizoea majani ya mkungu, ambayo yakikutana na chuma hutoa weusi. Hapa manjano ilibaki chini ya doa, na vyote viwili vikawa kijani cha mwani.

"Hii sijapata kuiona," alisema. "Madoa hayatoki tena, mjukuu wangu. Basi tukipake chote."

Alitoa chupa ya misumari yenye kutu iliyolowekwa kwenye siki. Maji yake, kikombe kimoja cha kunywea kahawa kwa ndoo ya lita kumi, si zaidi, maana chuma kikizidi pamba huoza na kuchanika kwenye mikunjo. Zuwena aligeuza kitambaa bila kukiacha kikunjike, dakika tano, kisha akakifua kwa sabuni. Madoa yakamezwa. Wakakianika kivulini.

"Kikikauka rangi itapungua kidogo," Bibi alisema. "Kesho mwembe huohuo, lakini ukate vipande vinne vidogo kwanza. Kimoja tukitie chokaa."