Limau na Kiazi Mviringo: Ripoti ya Mradi wa Kulinganisha Volti

Mradi huu ulikusudia kujua ni kipi kati ya limau na kiazi mviringo kinachotoa volti kubwa zaidi kikichomekwa zinki na shaba. Tulibashiri kwamba limau lingeshinda kwa mbali, kwa kuwa pH ya maji yake ni takriban 2, ilhali ya kiazi hukaribia 6.

Tulitumia malimau matatu, viazi vitatu, misumari iliyopakwa zinki, vipande vya waya mnene wa shaba na multimita iliyowekwa kwenye volti za mkondo mnyoofu. Shaba tuliisugua kwa msasa hadi ikang'aa, lakini misumari tuliifuta kwa kitambaa tu, kwani msasa ungeondoa zinki na kubakiza chuma. Kila limau tulilibingirisha mezani kwa kiganja ili vifuko vya maji vipasuke ndani. Metali zote zilizama sentimita 2, zikiachana kwa sentimita 3 bila kugusana, na kila kipimo kilisomwa baada ya dakika moja.

Malimau yalitoa volti 0.96, 0.94 na 0.95, yaani wastani wa 0.95. Viazi vilitoa 0.87, 0.89 na 0.85, wastani ukiwa 0.87.

Limau lilishinda kweli, ila kwa volti 0.08 tu, na tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyotufundisha zaidi. Maji ya limau yana ayoni za haidrojeni zipatazo mara 10,000 ya zile za kiazi, hata hivyo volti hazikuongezeka hata kwa sehemu moja ya kumi. Tulipoondoa shaba na kuchomeka misumari miwili katika limau lile lile, multimita ilishuka hadi 0.01. Kwa hiyo volti hutokana hasa na tofauti kati ya metali mbili. Zinki huachia elektroni na kuyeyuka kuwa ayoni. Elektroni hupita kwenye waya hadi kwenye shaba, ambako ayoni za haidrojeni huzipokea na kuwa gesi:

Zn → Zn²⁺ + 2e⁻
2H⁺ + 2e⁻ → H₂

Malimau matatu yaliyounganishwa kwa mfululizo yalifikisha volti 2.83 na kuwasha diodi nyekundu, kwa mwanga hafifu ulioonekana vizuri tulipofunga mapazia. Balbu ya tochi haikuwaka kabisa, kwa sababu ukinzani wa ndani ya tunda ni mkubwa na mkondo unaopita ni mdogo mno.

Malimau na viazi vyote vilitupwa baada ya jaribio, kwani vilikwisha kuingiwa na zinki na havifai kuliwa. Misumari tuliyoichomoa ilikuwa imefifia, ikiwa na weusi pale tu ilipozama: zinki ndiyo iliyokuwa ikitumika kama kuni za betri hizi.