Muhtasari wa KDHS 2022 kwa Kamati ya Afya, Kaunti ya Kilifi

Waheshimiwa,

Ripoti ya Utafiti wa Afya na Idadi ya Watu ina mamia ya kurasa, na kikao cha kesho ni cha saa moja. Nimechagua mambo matatu, kila moja na tahadhari yake. Tafadhali msiviachanishe, hata mkihojiwa redioni.

Zaidi ya mtoto mmoja kati ya watatu Kilifi amedumaa

Nchini kote, watoto waliodumaa walio chini ya miaka 5 wamepungua kutoka 26% mwaka 2014 hadi 18% mwaka 2022. Kilifi ni 37%, takwimu ya juu kuliko kaunti zote. Lakini tusiseme "sisi ndio wa mwisho" kana kwamba limethibitishwa. West Pokot ina 34%, na kwa kuwa kila kaunti ilipimwa kwa sampuli, pengo la pointi 3 laweza kutokana na nyumba zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Tukisema "miongoni mwa kaunti zilizoathirika zaidi" hakuna atakayetupinga.

Ripoti pia haishuki chini ya kaunti. Najua kila mmoja atauliza kuhusu wadi yake. Kutokana na takwimu hizi hatuwezi kusema kama Ganze ni mbaya kuliko Malindi. Na utafiti huu haukupima kama mradi wowote wa lishe umefaulu au umeshindwa. Mtoto alilazwa au kusimamishwa kwenye ubao, akapimwa urefu, basi. Chanzo cha udumavu wake hakionekani kwenye ubao.

Watoto wengi zaidi wanafika miaka 5, ila wachanga hawajanufaika vile

Vifo vya chini ya miaka 5 vimeshuka kutoka 52 hadi 41 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Vya mwezi wa kwanza vilikuwa 22, sasa 21: hiyo tusiiite nafuu. Haya ni makadirio ya taifa, si ya Kilifi, na yanatokana na masimulizi ya akina mama walio hai. Mtoto ambaye mamake amefariki hayumo.

Nchini, wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliowahi kupata mimba ni 15%, kutoka 18%

Hesabu ya 2022 inajumuisha mimba zilizoharibika. Ya 2014 ilihesabu waliozaa na waliokuwa na mimba wakati huo tu. Kwa hiyo ulinganisho si sawa kwa sawa, na upungufu wa kweli huenda ni mkubwa zaidi. Wasichana wa chini ya miaka 15 hawamo kabisa, ingawa ndio wanaotutia wasiwasi zaidi wodini.

Mahojiano yalifanyika kati ya Februari na Julai 2022, kwa hiyo msiseme "leo" mnapozitaja takwimu hizi. Nitawaletea majedwali ya kaunti yaliyochapishwa.