Masika hii, dagaa wako hawalali mchangani

Mama, asubuhi hii unaijua. Umenunua ndoo nne alfajiri, umeanika, jua limeanza kushika. Saa tano wingu linatoka ziwani. Unakimbia na turubai, watoto wanakimbia na makarai, na mvua inawatangulia. Dagaa wakishaloa na kubadilika rangi, mnunuzi wa dagaa wa kula anakupita. Anabaki wa chakula cha kuku, na huyo bei anapanga yeye.

Kwa ajili ya asubuhi hiyo tumetengeneza kikaushio cha jua, na Jumamosi ya tarehe 7 Machi 2026 tunaanza kukiuza hapa Musoma.

Ukishaingiza dagaa wako ndani, mvua ikija unaendelea na kazi zako. Maji hayawafikii, kuku na nzi hawawafikii. Na kwa kuwa wamelala kwenye chanja, wakikauka hawana mchanga. Mnunuzi wa Mwaloni Kirumba anapochukua konzi moja na kuitafuna mbele yako, meno yake hayakuti changarawe. Hapo ndipo unapoweza kutaja bei yako na kusimama nayo.

Kinafanyaje kazi? Ni chanja za wavu zilizofika kiunoni, juu yake nailoni ya kitalunyumba. Jua linapasha hewa, hewa inapanda na kutoka na unyevu. Hakuna umeme wala kuni. Kiuno nacho kinapumzika: huinami kutwa nzima kugeuza dagaa chini.

Tuseme wazi na upande wa pili. Kikaushio hiki kinahitaji jua. Siku yenye jua zuri, dagaa walioingia asubuhi tumewatoa jioni. Siku ya mawingu wamelala humo hadi kesho yake, na mvua ikishinda kutwa, punguza ununuzi wako. Kinabeba ndoo nne kwa mara moja, kwa hiyo anayeanika ndoo ishirini asitegemee kimoja.

Bei ni shilingi 900,000. Tunajua fedha hiyo haikai mkononi mwa mtu mmoja, ndiyo maana kikundi kinaweza kutanguliza 300,000, kikaondoka nacho, na kumaliza kwa awamu tatu za 200,000, kila giza linapoisha na mauzo yameingia. Mbalamwezi, maboti yakiwa nchi kavu, hatudai. Nailoni ikichanika ndani ya miaka 2, fundi wetu anakuja kuibadilisha bila malipo.

Jumamosi hiyo tutakuwa mwalo wa Mwigobero kuanzia saa 2 asubuhi. Vikaushio viwili vitakuwa vimefungwa, kimoja kikiwa na dagaa ndani. Njoo ufungue mwenyewe, uwashike, uwatafune. Ukiwa na ndoo yako ya dagaa wabichi, ilete tukuanikie bure, na jioni uwalinganishe na wa mchangani.